Mistari minne ya chati: somo la ishara za uhai lilivyogeuzwa

Muulize mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi mapigo ya kawaida ya mtu mzima, atakujibu bila kusita: 60 hadi 100 kwa dakika. Kisha mpe chati ya mgonjwa ambaye mapigo yake yalikuwa 84, yakawa 96, na sasa ni 108. Wengi watakuambia kuwa yamezidi kidogo, halafu wanyamaze. Namba wanazijua. Kinachowashinda ni kuamua namba hizo zinawataka wafanye nini, na saa ngapi.

Mpango wa somo ninaouchambua hapa ulibuniwa kwa ajili ya ukimya huo. Unatumia darasa lililogeuzwa, njia iliyopata umaarufu baada ya walimu wawili wa kemia wa Woodland Park, Colorado, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, kuanza mwaka 2007 kurekodi mihadhara yao ili wanafunzi waitazame nyumbani na kipindi cha darasani kibaki kwa kazi. Vyuo vingi vilivyoiga vimeng'ang'ania video. Kwa somo hili video ni sehemu ndogo tu. Swali zito ni lipi liende nyumbani na lipi libaki darasani.

Mgawanyo ulifanywa hivi. Kila kinachoweza kukaririwa kilipelekwa nyumbani: viwango vya kawaida, namna ya kufunga mkanda wa presha, na jedwali la alama la NEWS2. Jedwali hilo ni la Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2012 na hili la pili mwaka 2017. Linaipa kila ishara alama kuanzia 0 hadi 3 kadiri inavyoachana na hali ya kawaida, na mgonjwa anayepumua kwa msaada wa oksijeni huongezewa 2. Jumla ndiyo inayoelekeza: 0, mpime tena ndani ya saa 12; 1 hadi 4, ndani ya saa nne hadi sita; 5 au 6, aonwe haraka na apimwe kila saa; 7 na kuendelea ni dharura. Ishara moja ikipata 3 peke yake, hiyo nayo inadai mgonjwa aangaliwe haraka. Yote haya yalitosha kwenye karatasi ya kurasa mbili pamoja na video fupi iliyogawiwa kwa kadi ya kumbukumbu, kwa sababu si kila mwanafunzi ana bando la kutazama mtandaoni.

Kulikuwa na kazi moja ya mikono pia. Kila mwanafunzi alitakiwa kuhesabu pumzi za watu watatu wa nyumbani au bwenini waliotulia, kila mmoja kwa dakika nzima na bila kumwambia, kwani mtu akijua anahesabiwa hubadilisha upumuaji wake. Namba tatu hizo ndizo alizokuja nazo darasani.

Kazi inaonekana ya kitoto, lakini ndiyo iliyofungua somo. Mwalimu aliandika namba zote ubaoni bila majina, kisha akauliza ziko wapi namba zisizogawanyika kwa mbili. Anayehesabu kwa nusu dakika na kuzidisha kwa 2 hawezi kupata 17 wala 19. Anayehesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 hupata 12, 16, 20 au 24 tu. Ubao uliojaa 16, 18 na 20 unamwambia mwalimu kwamba wengi hawakukaa dakika nzima, na wengine huenda hawakuhesabu kabisa. Wodini mambo ni yale yale: pitia mafaili uone jinsi kila mgonjwa anavyopumua mara 18 au 20. Kwa njia ya sekunde 15, kukosea pumzi moja ni kukosea pumzi nne kwa dakika. Mgonjwa aliyestahili 20 anaandikiwa 24, na kwenye NEWS2 anaruka kutoka alama 0 hadi 2. Kinyume chake ndicho cha hatari zaidi, maana hapo 24 huandikwa 20 na hakuna anayeshtuka.

Kabla ya ubao, kulikuwa na maswali matano mlangoni, kwenye karatasi, kwa dakika kumi. Hapa ndipo madarasa mengi yaliyogeuzwa hufa. Mwalimu anagundua kwamba theluthi ya darasa haikusoma, anawaonea huruma, anafundisha upya kila kitu. Wiki inayofuata hata waliosoma hawasomi tena, na wana haki, kwani wamejua mwalimu atayasema yote darasani. Katika mpango huu, aliyeshindwa maswali alipewa karatasi ile ile na kiti pembeni, asome kwanza ndipo ajiunge na kikundi. Ni ukali kidogo, nami nauunga mkono.

Kisha ikaja kesi. Ni ya kutungwa, lakini kila muuguzi wa wodi ya majeruhi ameiona. Kijana wa miaka 32, dereva wa bodaboda, ameanguka na usukani ukampiga ubavuni kushoto, chini ya mbavu. Anaongea vizuri, analalamika maumivu kidogo, anapimwa kila saa kwa kuwa amepata ajali. Wanafunzi hawakupewa chati nzima. Walipewa mstari mmoja, wakaamua, ndipo wakapewa mwingine.

Saa nne asubuhi: pumzi 18, oksijeni asilimia 98 bila msaada, presha 124/76, mapigo 84, joto 36.8. Alama 0.

Saa tano: pumzi 20, oksijeni 97, presha 120/82, mapigo 96, joto 36.6. Alama 1, ya mapigo.

Saa sita mchana: pumzi 22, oksijeni 97, presha 114/86, mapigo 108, joto 36.4. Alama 3: mbili za pumzi, moja ya mapigo.

Katika kila mstari, mwanafunzi aliandika peke yake uamuzi mmoja kati ya mitatu: endelea kama kawaida, pima tena mapema na utaje saa, au mwite daktari sasa. Chini yake sababu moja. Baada ya kuandika ndipo alipoongea na wenzake, na aliruhusiwa kubadili. Utaratibu huu wa kujifunga kwanza kisha kujadiliana unatokana na kazi ya Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard. Faida yake hapa ni kwamba mwanafunzi mpole hawezi kujificha nyuma ya msemaji wa kikundi. Angalia pia kilichoachwa: hakuna aliyeulizwa mgonjwa anaumwa nini. Mwaka wa kwanza hawajui magonjwa bado, na ukiwauliza wataanza kubahatisha majina badala ya kutazama namba.

Saa sita ndiyo moyo wa somo, kwa sababu jedwali na mwelekeo vinagombana. Alama 3 ambayo haikutoka kwenye ishara moja inasema mgonjwa yuko kwenye hatari ndogo, apimwe tena baada ya saa nne hadi sita. Presha ya 114 ni ya kawaida kabisa. Mwanafunzi aliyekariri vizuri anaandika "pima tena saa kumi jioni" na ana karatasi ya kumtetea. Mwalimu hakumsahihisha. Aliwaambia wote watoe presha ya chini kutoka kwenye ya juu, kila mstari, waandike pembeni: 48, 38, 28.

Pengo linafungwa. Damu inapopungua mwilini, mishipa hujibana ili iliyobaki ifike kwenye moyo na ubongo, na kujibana huko hupandisha presha ya chini. Wakati huo huo damu inayorudi moyoni ni kidogo, kwa hiyo kila pigo linasukuma kidogo, na presha ya juu haina nguvu ya kupanda. Moyo unafidia kwa kupiga haraka zaidi. Pumzi zinaongezeka kwa sababu tishu zinazokosa damu ya kutosha hutengeneza asidi, na mwili huiondoa kwa kupumua. Presha ya juu ni ya mwisho kusalimu amri, na ndiyo maana muuguzi anayesubiri ianguke anachelewa.

Mstari wa nne ulikuwa wa saa saba: pumzi 26, oksijeni 96, presha 98/74, mapigo 126, joto 36.1, ana wasiwasi lakini anajibu sawasawa. Alama 7. Pengo 24, na mapigo sasa yameipita presha ya juu. Jedwali limepiga kelele, saa nzima baada ya chati kusema. Aliyeandika apimwe saa kumi hakuhitaji kuhutubiwa.

Hatari ya kesi kama hii ni kuwafanya wanafunzi waikimbilie kila namba iliyobadilika. Kwa hiyo ikafuata kesi fupi ya pili, ya mama mmoja ambaye oksimita inaonyesha 86 naye anaongea sentensi ndefu bila kuhema, pumzi 16. Kioo cha oksimita kinasema mapigo ni 134. Kwa kidole kwenye kifundo cha mkono ni 82. Mapigo mawili yakipishana hivyo, kifaa hakijamshika mgonjwa, na namba yake ya oksijeni haifai kuandikwa. Kucha zake zilikuwa na piko nyeusi. Kifaa kikahamishiwa kwenye ndewe ya sikio. Mwalimu aliongeza onyo la upande wa pili: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba oksimita ilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Namba nzuri nayo ihojiwe pale mgonjwa anapoonekana vibaya.

Mpango una mipaka yake. NEWS2 haikutengenezwa kwa walio chini ya miaka 16 wala kwa wajawazito, na wanafunzi wakiizoea mno wataipeleka wodi ya wazazi. Kesi ya karatasi pia haimfundishi mtu kushika mkono wa mgonjwa na kuhisi ubaridi wake. Hilo litabaki kazi ya wodi. Na kwa darasa la wanafunzi mia na zaidi lenye mwalimu mmoja, kusoma maamuzi ya kila mmoja haiwezekani. Hapo afadhali kuhesabu mikono kwa kila uamuzi na kuandika idadi ubaoni.

Kipimo cha mwisho kilikuwa sentensi nne za kumpigia daktari simu saa sita: mgonjwa ni nani, nini kimebadilika tangu saa nne, nimefanya nini, nataka nini kwako. Anayesema tu "presha ni 114/86" hajafaulu. Anayesema "mapigo yamepanda kutoka 84 hadi 108, pengo la presha limeshuka kutoka 48 hadi 28, naomba uje sasa" amefaulu, hata kama hajui kwamba kilichopasuka ni wengu.

Mwalimu mwenzangu anayetaka kujaribu asianze kwa kununua kamera. Aanze na kesi moja iliyokatwa mistari minne, maswali matano ya mlangoni, na mstari mmoja ambao jumla ya alama na mwelekeo vinapingana. Mstari huo usipokuwepo, wanafunzi watajumlisha alama na kwenda zao.