Anza na Swali la Mwisho

Waraka wa kampuni unaoomba video ya mafunzo huwa unafanana popote: dibaji ya mkurugenzi, historia ya sheria, orodha ya vifungu, kisha sentensi moja inayosema wafanyakazi wote "waelewe" jambo hilo. Tuchukue taasisi ya mikopo nchini Kenya inayotaka video ya dakika 20 kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwandishi asiye mzoefu atavigawa vifungu hivyo na kila kimoja akakipa onyesho lake. Atapata mhadhara wenye picha.

Kazi ianze kwa kuuliza makosa hutokea wapi. Mkuu wa sheria hatakuwa na jibu zuri la swali hilo. Wanaolijua ni mameneja wa matawi. Tuseme wanataja mawili. Maafisa mikopo hutumiana picha za vitambulisho vya wateja kwa WhatsApp, na mtu akipoteza fomu au simu hukaa kimya siku kadhaa akitumaini itapatikana. Kimya hicho kina gharama, kwa sababu sheria inaitaka taasisi imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ijue kwamba data imevuja na mwenye data yumo hatarini kudhurika. Afisa asiposema, kampuni itaanza kukimbizana na saa ikiwa imechelewa.

Sasa malengo yanaweza kuandikwa. Robert Mager, Mmarekani aliyeandika kuhusu malengo ya mafunzo mwaka 1962, alitaka lengo lionyeshe mambo matatu: kitendo kinachoonekana, mazingira yake, na kiwango cha kuridhisha. "Kuelewa umuhimu wa kuripoti" hakuna kamera inayoweza kukuonyesha. Linganisha na hili: "Akigundua fomu au kifaa chenye taarifa za mteja kimepotea, afisa atampigia afisa wa ulinzi wa data siku hiyohiyo, hata kama anadhani kitapatikana." Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayobeba uzito, kwani hapo ndipo watu hujikwaa. Lengo la pili litahusu picha za vitambulisho. Mawili yanatosha kwa video ya dakika tano, na dakika 20 hazina kazi tena.

Kabla ya maonyesho, andika maswali ya mwisho. Wengi huyaacha hadi usiku wa mwisho, kisha wakauliza sheria ilipitishwa mwaka gani. Swali jema humweka mfanyakazi katika hali ambayo hakuiona kwenye video:

"Mtoto wako amechezea simu yako na kutuma picha ya kitambulisho cha mteja kwenye kundi la familia. Umeifuta baada ya dakika moja. Utafanya nini?"

Jibu la kwanza: imefutwa, basi yameisha. La pili: nitawaomba ndugu waliokwisha kuiona wanyamaze. La tatu: nitampigia afisa wa ulinzi wa data leo. Majibu mawili ya makosa yametokana na visingizio ambavyo mameneja huvisikia kweli, ndiyo maana yanavutia. Angalia pia urefu. Jibu sahihi likiwa refu kuliko mengine, watu watalipata bila kufikiri. Wape maswali wenzako wachache ambao hawajaona video, na kila swali ambalo wote wamelipata uliandike upya.

Maonyesho huja kwa urahisi baada ya hapo. Gawa ukurasa safu mbili, picha kushoto na sauti kulia:

Picha: Ijumaa jioni, afisa anashuka kwenye bodaboda, anafungua mkoba. Bahasha ya fomu haimo.
Sauti: "Nikisema leo, nitaharibu wikendi ya watu."
Picha: Kidole juu ya jina la afisa wa ulinzi wa data kwenye simu.
Sauti: (kimya)

Hapo video isimame sekunde kadhaa, mtazamaji aamue moyoni kabla ya kuona matokeo. Msimulizi asieleze kinachoonekana tayari. Aeleze sababu tu, yaani zile saa 72. Kwa maneno ya msimulizi, mimi hukadiria 100 kwa dakika, maana maneno yetu ni marefu na msomaji akiharakishwa humeza silabi.

Rasimu ikirudi kutoka idara ya sheria, vifungu vilivyoachwa vitadaiwa virudishwe. Usivipachike kwenye video. Viweke katika karatasi ya ukurasa mmoja itakayoambatana nayo, kisha waonyeshe kwamba hakuna hata swali moja linalovihitaji.

Alama za maswali hazithibitishi kwamba tabia imebadilika kazini. Kwa hiyo muombe mteja, kabla ya kusaini mkataba, akupe idadi ya ripoti alizopokea afisa wa ulinzi wa data katika miezi mitatu iliyopita, na aihesabu tena miezi mitatu baada ya video. Idadi ikipanda, asishtuke: upotevu uliokuwa ukifichwa ndio umeanza kuripotiwa.