Msumari Kwenye Pindo la Kanga

Wiki iliyopita rafiki yangu alinipa nisome mswada wake wa filamu fupi. Ni kurasa saba tu, yaani kama dakika saba kwenye skrini, maana waandishi wa miswada hukadiria ukurasa mmoja kwa dakika moja. Bibi mmoja wa Tanga anamaliza siku yake ya mwisho kwenye genge la nyanya. Hakuna anayesema neno. Tuna mistari ya vitendo tu, ile inayoeleza kinachoonekana na kinachosikika.

Sasa bila maneno, mtazamaji atajuaje kwamba leo ndiyo mwisho? Ukurasa wa kwanza bibi anapanga mafungu: nyanya nne chini, moja juu. Anarudia, anarudia tena, mpaka nikaanza kuchoka. Kumbe ndivyo inavyotakiwa. Katika Hadaka no Shima (1960), filamu ya Kaneto Shindo ambayo karibu haina mazungumzo, mume na mke wanapandisha maji kisiwani kwa ndoo, safari baada ya safari. Ndoo moja inapomwagika, unashtuka. Usipoijua kawaida ya mtu, huwezi kuona inapokatika.

Rafiki yangu anaikata ukurasa wa tano:

Bibi anang'oa msumari unaoshikilia turubai.
Anaunyoosha kwa jiwe.
Anaufunga kwenye pindo la kanga.

Hapo nilisimama. Siku nyingine angefunika meza aende zake, msumari ukabaki. Anayeng'oa msumari harudi. Na pindo hilo ndilo lililofungwa chenji asubuhi. Halafu kila tendo limepewa mstari wake, kwa hiyo unasoma polepole, na anayepiga picha anajua kwamba hizi ni picha tatu, si moja.

Kinachoniudhi ni ukurasa wa mwisho: "Bibi anakumbuka miaka yote aliyokaa hapa. Moyo unamuuma." Kamera itaelekezwa wapi hapo? Mwigizaji atabaki kukunja uso tu. Na dawa anayo mwenyewe: ukurasa wa pili ameandika kwamba ubao wa meza umelika pale bibi anapoegemeza kiwiko. Vijana wanapobeba meza mwishoni, tuonyeshe ubao ule ukipita mbele ya macho yake. Miaka yote imo kwenye lile bonde dogo.

Nilimwambia hivyo. Akanyamaza, kisha akasema huyo ni bibi yake kweli, na mistari ile miwili ndiyo pekee aliyoandika huku analia. Nilimwelewa. Lakini uchungu ule ni wa mjukuu, na kamera inamtazama bibi, ambaye jioni ile alifunga msumari wake akaondoka.

Mpaka leo hajaifuta.