Damu Hii Imetoka Wapi? Mwongozo wa Kusoma Mashapo ya Mkojo

Kijiti cha kupimia mkojo kikigeuka kijani penye alama ya damu, kinasema kuna damu au rangi ya damu, basi. Hakijui kama imetoka kwenye figo, kwenye kibofu au njiani. Jibu hilo hutafutwa kwenye mashapo, chini ya hadubini.

Kwanza upime ubora wa mashapo yenyewe. Mkojo uwe wa katikati ya kukojoa, na usomwe ndani ya saa 2. Ukichelewa, hasa ukigeuka alkali, seli hupasuka na kasti huyeyuka. Zungusha mililita 10 kwenye sentrifuji kwa dakika 5, mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa dakika. Mwaga maji ya juu, bakiza nusu mililita, kisha gonga chupa taratibu kwa kidole mashapo yachanganyike. Mkono mzito huvunja kasti. Kwenye hadubini, shusha kondensa na upunguze mwanga, kwa sababu kasti haionekani kwenye mwanga mkali.

Sasa tazama seli nyekundu. Zilizotoka kwenye kibofu au kwenye jeraha la jiwe hufanana kama vitumbua vya chuma kimoja: duara, ukubwa ule ule. Zilizopenya kwenye vichujio vya figo zimebanwa ukutani, kisha zikapita mirijani ambako chumvi hubadilika kila hatua. Hutoka zimeumbuka, kubwa kwa ndogo, nyingine zimemeguka. Ya kuaminika kuliko zote ni akanthosaiti: pete yenye viputo vilivyochomoza pembeni. Zikifika 5% au zaidi ya seli nyekundu, mshuku mkuu ni kichujio cha figo.

Hapa wengi hukosea. Mkojo mzito hunyausha seli, zikaota miiba midogo iliyopangika sawasawa kuzunguka duara lote. Mkojo mwepesi huzifanya vivuli vilivyopauka. Hayo ni matokeo ya mkojo, si ya figo. Miiba iliyo sawa si viputo.

Kasti ya seli nyekundu ni ushahidi mzito zaidi. Protini iitwayo uromodulini huganda ndani ya mrija wa figo, ikachukua umbo la mrija na kunasa kilichokuwemo. Seli nyekundu zikinaswa humo, damu ilikuwa ndani ya figo kabla haijafika kibofuni. Itafute kwa lenzi ya 10 kwenye kingo za kioo cha kufunikia, kisha ithibitishe kwa lenzi ya 40. Kasti halisi ina pande mbili zinazokwenda sambamba, ncha ya mviringo, na mara nyingi rangi ya kutu. Seli zilizojipanga juu ya uzi wa ute au wa pamba si kasti, kwani uzi huchongoka na kingo zake hazieleweki.

Fuwele zisikushughulishe sana. Oksaleti ya kalsiamu, yenye umbo la bahasha, huonekana hata kwa watu wazima wa afya. Ina uzito ikiandamana na seli nyekundu za duara na maumivu ya ubavuni, maana hapo jiwe linashukiwa. Ile inayofanana na kifuniko cha jeneza hutokea kwenye mkojo wa alkali, pengine pamoja na bakteria wanaovunja urea. Lakini bamba la pembe sita lisilo na rangi, yaani sistini, halina udhuru: ni dalili ya ugonjwa wa kurithi unaotengeneza mawe.

Chukua mfano wa mvulana wa miaka 9 kutoka kijiji cha pwani. Mkojo wake unafanana na chai ya rangi, na kila asubuhi uso umevimba. Mkojo wa kwanza ulikaa dirishani saa 5, na majibu yakaja: “Seli nyekundu nyingi, kichocho?” Swali si la kijinga huko pwani, ila yai lenye mwiba mwishoni halikuonekana, wala halikuonekana kwenye mkojo uliochukuliwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi. Mkojo mpya ukasomwa mara moja: seli zimeumbuka, kasti mbili ukingoni. Mama alipoulizwa tena, akakumbuka vidonda vya ngozi vya wiki 4 zilizopita. Picha nzima inaelekea kwenye uvimbe wa vichujio unaofuata maambukizi ya streptokoki. Kipimo cha haraka sasa ni shinikizo la damu, kisha kreatinini.

Kasti isipoonekana, figo haijasafishwa jina. Rudia kwa mkojo mpya. Na usiishie kuandika “seli nyekundu nyingi.” Andika hivi: “Seli nyekundu 40–50 kwa kila uwanja wa lenzi ya 40, zaidi ya nusu zimeumbuka, akanthosaiti takriban 10%, kasti za seli nyekundu zipo, mayai ya kichocho hayakuonekana.” Daktari akisoma mstari huo, anajua damu imetoka wapi.