Chaki Ukutani Kabla ya Lipu

Singida watu wengi hujenga kwa awamu. Fedha ya alizeti au vitunguu ikiingia, msingi unachimbwa. Msimu mwingine kuta zinapanda. Baadaye bati linafika. Kisha nyumba inakaa. Imeezekwa, lakini matofali yako wazi na upepo wa kiangazi unapita madirishani, huku mwenyewe akitafuta fedha ya lipu. Wapita njia huiona nyumba iliyokwama. Fundi umeme anayeijua kazi yake huona kipindi chenye thamani kuliko vyote, kwa sababu katika miezi hiyo ukuta bado unakubali mtu abadili mawazo. Alama ya chaki hufutwa kwa kiganja. Lipu na rangi vikishapigwa, kuisogeza soketi hatua moja tu ni patasi, vumbi, na kiraka kitakachoonekana miaka yote.

Kazi hiyo ya chaki ndiyo ninayotaka kuisifu. Mara nyingi hufanywa kwa nusu saa, fundi akiwa amesimama katikati ya chumba na kunyoosha kidole: soketi hapa, swichi pale, taa katikati. Nimeiona pia ikifanywa kwa siku nzima, katika nyumba ndogo huko Mandewa, pembezoni mwa mji wa Singida. Vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko, bafu lenye choo ndani, korido fupi na kibaraza. Fundi hakuanza na waya wala paipu. Alianza kwa kumuuliza mwenye nyumba namna atakavyoishi.

"Mama, kitanda kitalala kichwa upande gani?"

"Hilo si mpaka kitanda kinunuliwe, fundi?"

"Kikinunuliwa, ukuta utakuwa umeshafungwa."

Wakapima upana wa kitanda sakafuni kwa fito mbili, wakakiweka kichwa cha kitanda chini ya dirisha, kisha wakakihamishia ukuta wa pili. Ndipo chaki ikachora soketi mbili, moja kila upande, nje ya mbao za kitanda, mahali ambapo mkono wa aliyelala unafika. Mlangoni swali lilikuwa la bawaba. Mlango ukifungukia kushoto, swichi ikae kulia, upande wa kitasa; la sivyo mtu ataingia gizani na kuanza kuitafuta nyuma ya mlango. Fremu zilikuwa zimeshasimama lakini milango haijatundikwa, kwa hiyo kila mlango uliamuliwa kwanza na mshale ukachorwa ukutani. Korido ilipata swichi mbili za taa moja, kila mwisho na yake, ili anayeamka usiku asirudi nyuma gizani baada ya kuizima.

Kabla ya kuchora kimo chochote, fundi na kijana wake walivuta mpira wa maji. Mpira mwembamba unaopitisha nuru, maji ndani, mtu mmoja huku na mwingine kule. Maji yakitulia, ncha zote mbili ziko usawa mmoja. Kwa njia hiyo walipiga mstari kuizunguka nyumba nzima, mita 1 juu ya sakafu. Lakini sakafu ipi? Hili ndilo linalowaumbua wengi. Sakafu iliyokuwepo siku ile ilikuwa zege la kwanza tu. Juu yake ingekuja saruji ya kusawazisha, kisha vigae, jumla kama sentimita 5. Anayepima kutoka chini atajikuta soketi zake zimezama, tena si kwa kipimo kimoja, kwa kuwa zege la kwanza halijanyooka. Kwa hiyo mstari uliwekwa kwa kuhesabu sakafu itakayokuwepo, na vimo vyote vikapimwa kutoka kwenye mstari: soketi za vyumbani sentimita 55 chini yake, swichi sentimita 30 juu, soketi za jikoni sentimita 10 juu ili zipite kimo cha meza ya kupikia. Ukiingia nyumba ambayo swichi mbili zilizokaribiana zinapishana kwa upana wa kidole, ujue mstari huo haukupigwa.

Baada ya chaki kukaa ndipo hesabu ya saketi ilipofanywa, yaani nyaya zipi zilindwe na breka ipi. Hapa nyumba ndogo hudhulumiwa kwa kuwa ni ndogo: breka moja ya taa, moja ya soketi, basi. Fundi wa Mandewa aligawa taa mara mbili, na si mbele kwa nyuma. Sebule, chumba cha watoto na bafu zikaenda breka moja. Korido, jiko, chumba cha mama na kibaraza zikaenda nyingine. Taa ya upande mmoja ikileta hitilafu, kila chumba kilichozimika kinapakana na chumba chenye mwanga. Waya wa taa ni wa milimita 1.5 za mraba, breka ampia 10, na mzigo wenyewe ni kidogo: balbu kumi za wati 9 hazifikishi hata nusu ampia. Hakugawa kwa sababu ya uzito. Aligawa ili nyumba isizimike yote kwa mkupuo.

Soketi ndizo zilizogawiwa kwa uzito. Gawanya wati kwa volti 230, upate ampia. Birika la umeme la wati 2,000 hula karibu ampia 9. Jiko la presha la umeme la wati 1,000 hula zaidi ya 4. Friji ndogo haifiki 1. Vikiwaka pamoja asubuhi, jiko peke yake linavuta kama ampia 14. Waya wa milimita 2.5 za mraba na breka ya ampia 20 vinaubeba mzigo huo bila shida. Ongeza pasi ya wati 1,200 chumbani kwenye breka hiyohiyo, umefika 19, na televisheni bado haijawashwa. Kwa hiyo jiko likapewa breka yake, sebule na vyumba vikapewa yao. Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na kwa wengine hilo litakuwa jiko la umeme. Soketi ya jikoni inayopangwa leo kwa ajili ya friji na simu itabebeshwa chungu kesho. Bafu nalo likavutiwa waya wa milimita 6 na breka ya ampia 32 kwa ajili ya hita ya kuogea ya wati 5,500, ambayo mama hakuwa ameinunua wala kuiwazia. Breka tano, katika boksi lenye nafasi nane. Boksi likawekwa ndani, nyuma ya ukuta uleule ambao mita ya LUKU ingefungwa nje, ili waya mkubwa wa kuingia uwe mfupi. Na paipu moja tupu ikapandishwa kutoka kwenye boksi mpaka darini, kwa ajili ya sola.

Kuchimba mifereji ukutani nitakupitisha haraka. Ishuke wima kutoka juu, isikate ukuta kwa ulalo. Katika tofali la inchi 6, mfereji wima usizidi theluthi ya unene, sentimita 5. Wa mlalo usizidi nusu ya hapo, na afadhali usiwepo kabisa. Paipu izame ndani ya tofali, ishikwe kwa saruji, na wavu wa kuku ukazwe juu yake, la sivyo ufa utaichora njia ya paipu juu ya lipu kabla ya mwaka kwisha. Boksi la soketi lijitokeze nje ya tofali kwa unene wa lipu inayokuja, kama sentimita 1.5, na lijazwe karatasi za mfuko wa saruji ili mpiga lipu asilizibe.

Jambo moja katika nyumba hii lilikuwa la Singida hasa, nalo ni ethi. Ukitembea mjini utaona miamba ya matale imejitokeza kila upande, kati ya nyumba hata pembeni mwa ziwa Singidani. Udongo juu yake ni wa kichanga, na mvua ni za msimu mmoja. Kuanzia Juni hadi Oktoba ardhi hukauka kabisa. Fimbo ya shaba ya ethi inahitaji unyevu na kina, na hapa mara nyingi hugonga mwamba kabla haijazama yote. Nyumba ikipimwa Februari, mvua ikinyesha, kipimo kitasoma vizuri. Oktoba ni habari nyingine.

Hesabu yake inatisha. Tuseme ukinzani wa ethi wakati wa kiangazi umefika omu 100. Waya wa moto ukigusa mwili wa birika la chuma, umeme unaokimbilia ardhini ni 230 gawanya kwa 100, yaani ampia 2.3. Breka ya ampia 20 haitikisiki. Kwake huo ni mzigo mdogo kuliko pasi. Birika linabaki na karibu volti 230 kwenye mwili wake, na mtu wa kwanza kulishika akiwa peku anakuwa njia ya pili ya kwenda ardhini. Ndiyo maana fundi aliweka mbele ya breka za soketi na hita ile swichi ya kinga yenye kitufe cha majaribio chenye herufi T. Hii haipimi mzigo. Inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na tofauti ikifika miliampia 30 inakata kabla mtu hajamaliza kushtuka. Kwa omu 100, miliampia 30 ni volti 3 tu. Fimbo mbovu kidogo bado inatosha kuiamsha swichi hiyo. Haitoshi kamwe kuiamsha breka.

Hata hivyo hakuidharau fimbo. Aliiwekea nafasi nyuma ya bafu, maji ya kuogea na kufulia yanakomwagika mwaka mzima, na ya pili akaipanga mita 3 mbali nayo, zote ziungwe kwa waya mmoja mnene wa shaba. Kuna wanaochimba shimo na kulijaza chumvi na mkaa. Hufanya kazi kwa muda, kisha mvua huisomba chumvi, na iliyobaki huila shaba. Paipu ya waya wa ethi ilipitishwa chini ya ukuta wa bafu siku hiyohiyo, maana baada ya lipu kungefuata ukanda wa zege kuizunguka nyumba, na hakuna mwenye nyumba anayekubali kuuvunja kwa ajili ya waya asiouona.

Hatua mbili zikabaki. Mama alipita na simu yake akipiga picha kila ukuta, futi ya kupimia ikiwa imeshikizwa kwenye kona, ili atakayetaka kupigilia msumari wa pazia ajue paipu imepita wapi. Na kijana wa fundi akapitisha kamba katika kila paipu, moja baada ya nyingine, kutoka darini hadi kwenye boksi. Ile ya chumba cha watoto ilikwama kwenye kona ya pili. Wakaufungua mfereji wakakuta paipu imebonyea. Wakaikata, wakaunga nyingine, wakaipitisha kamba tena. Mpiga lipu, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko wake tangu saa nne, akaambiwa aanzie sebuleni.