Kaulimbiu inayokuuliza tu

"Mtu aliye pembeni yako ananawa kwa sabuni?" Swali hilo, kwa Kiingereza, liliwekwa kwenye skrini za vyoo vya kituo cha mapumziko barabarani, Uingereza. Watafiti walijaribu kaulimbiu kadhaa huku vihisi vikihesabu nani katumia sabuni, na mwaka 2009 wakachapisha matokeo: hili lilifanya vizuri kwa wanaume na wanawake pia.

Ona, halitaji kipindupindu wala halikuiti mchafu. Unageuza shingo, mara umeshika sabuni. Ila lina tundu: wa pembeni asiponawa je? Umepata ruhusa! Na nyumbani uko peke yako. Ningelibandika kwenye masinki ya bweni, siyo jikoni kwako.