Thumni moja begani, nne kifuani, tano nyongani

Tuchukue oda ambayo fundi yeyote wa Garsen anaweza kuletewa. Kikundi cha akina mama wa Ngao na Tarasaa wanataka magauni ya sare, mshono mmoja kwa wote. Mwembamba wao ana kifua cha inchi 34, mnene ana 44. Fundi ana kiolezo kimoja cha 38 kinachokaa vizuri, na saizi nyingine atazipata kwa kukipandisha na kukishusha, kila hatua inchi 2 za kifua.

Wengi huharibu papo hapo. Hulaza kiolezo juu ya karatasi ya kaki na kuongeza nusu inchi pande zote. Kifuani hesabu ni sawa: kipande ni robo ya mwili, na inchi 2 kugawa kwa 4 ni nusu. Lakini toka 38 hadi 44 ni hatua 3, kwa hiyo kila bega limerefuka inchi moja na nusu. Mshono wa mkono unashuka hadi chini ya bega, na mama akiinua mkono gauni zima linapanda naye. Mtu hunenepa kifua na nyonga. Mfupa wa bega hubaki karibu ulivyokuwa.

Afadhali kuuliza futi. Pima mdogo na mkubwa wa kikundi, toa, gawa kwa hatua 5 zilizo kati yao. Tuseme mabega, ncha hadi ncha, ni 14 na nusu kwa mmoja na 15 na robo tatu kwa mwingine. Tofauti ni inchi moja na robo. Kila hatua robo, yaani thumni moja kwa kila bega. Nyonga ni 37 na 49 na nusu: kila hatua inchi 2 na nusu, na robo yake ni thumni 5. Kifua ni thumni 4. Kabla ya kukata, pima akina mama wawili watatu wa saizi 40. Kanuni inawapa nyonga ya 44 na nusu. Wote wakizidi hapo, ongezeko haliendi sawasawa, na nyonga ipewe kanuni mbili, moja ya saizi ndogo na moja ya kubwa.

Sasa kwapa. Ubavu umetoka thumni 4 na bega thumni 1 tu, basi shimo la mkono limepanuka, na mkono wa zamani hautatosha. Upanue pia, tuseme thumni 3 kila upande, kisha tembeza futi kwenye mzingo wa shimo na wa kichwa cha mkono. Kichwa huzidi shimo kidogo. Ziada hiyo ibaki ileile katika kila saizi. Ikikua, mkono utajikunja begani.

Urefu wa gauni usiuguse kwa kanuni hizi. Mama wa 44 anaweza kuwa mfupi kuliko wa 34, na pindo hupimwa kwa kila mmoja peke yake. Akija wa 50, kata kiolezo kipya.