Kamera Katikati ya Soko: Mazungumzo ya Filamu Yanavyorekodiwa Kariakoo

Kinachoharibu picha nyingi za sokoni ni macho ya watu. Mpita njia akiitazama kamera, mtazamaji wa filamu anakumbuka papo hapo kwamba anaona maigizo. Mwaka 1959, Jean-Luc Godard alipokuwa akipiga filamu ya À bout de souffle mjini Paris, mpigapicha wake Raoul Coutard alijificha ndani ya kigari cha posta kilichosukumwa barabarani, huku lenzi ikichungulia kwenye tundu. Kamera yenyewe ilikuwa na kelele, kwa hiyo mazungumzo yakarekodiwa baadaye studio. Sauti kutengwa na picha bado ni somo zuri. Kujificha si somo la kuiga sokoni: mfanyabiashara anayegundua kwamba amepigwa picha kwa siri huwa na hasira ya haki, na hasira hiyo husambaa kwa jirani zake haraka.

Chukua tukio la dakika mbili: mteja anabishana bei ya khanga na muuzaji, Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Kibali cha Bodi ya Filamu kinahitajika, lakini karatasi hiyo haifungui njia peke yake. Uongozi wa eneo hupewa taarifa mapema, kisha anatafutwa mtu wa mtaa huohuo, anayefahamika kwa wauzaji, apite meza kwa meza siku moja kabla. Malipo ya aliyetoa meza yake yamalizwe siku hiyohiyo. Noti zikitolewa hadharani wakati wa kazi, kila aliye jirani atadai fungu lake, na hana kosa kudai.

Mazungumzo hupigwa kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, wakati bidhaa zinapangwa na njia bado inapitika. Wanaopita nyuma ya waigizaji ni watu waliokubaliana na waandaaji. Kamera inarudishwa ng'ambo ya mtaa, ikiwezekana kwenye ngazi za duka, na lenzi ndefu ya milimita 85 inawaleta waigizaji karibu. Umati wenyewe hupigwa saa tano, bila waigizaji kusema neno, na watu wawili tu wa kazi: mpigapicha na msaidizi. Picha hizo mbili zikiunganishwa, mtazamaji anaona soko lililofurika.

Sauti ndiyo ngumu zaidi, na adui wake mkubwa ni muziki wa duka la jirani kuliko hata honi za bodaboda. Honi hupita. Wimbo una mpangilio, kwa hiyo picha ikikatwa na kuunganishwa na nyingine, wimbo unaruka katikati ya neno na kila sikio linagundua. Juu ya hapo, wimbo una mwenye haki nao. Mwenye duka huombwa auzime kwa muda uliotajwa, na muda huo uheshimiwe. Maiki ndogo hubanwa ndani ya khanga au shati, karibu na kifua. Mara baada ya picha kukubaliwa, waigizaji hupelekwa ndani ya gari lililofungwa vioo na kuyasema maneno yaleyale tena, kwa maiki zilezile, kabla kasi ya usemi haijawatoka. Kisha sauti ya soko pekee, isiyo na mazungumzo ya waigizaji wala muziki, hurekodiwa kwa dakika mbili mfululizo. Hiyo ndiyo itakayofunika viungo vyote wakati wa kuhariri.

Mpigapicha anayetazama kioo cha kamera haoni kinachomjia. Mkokoteni uliosheheni hausimami ghafla, na mbebaji anayepiga kelele "pisha!" hana nafasi ya kukwepa. Ndiyo maana msaidizi hushika bega la mpigapicha muda wote na kumvuta bila kungoja ruhusa. Waya hazitandazwi njiani. Kadi iliyojaa hutolewa na kukabidhiwa mtu mmoja, asiyebeba kingine.

Mtu akikataa, lenzi inashushwa kwanza, maelezo yanafuata. Muuzaji ana sababu zake: anaogopa kuondolewa eneo lake, au picha yake iliwahi kutumika kwa habari asiyoijua. Kubishana naye kwa kumwonyesha kibali huongeza watazamaji na kupoteza asubuhi. Anaonyeshwa picha yenyewe kwenye kioo. Mara nyingi yumo pembeni tu, na hatua moja ya kusogeza kamera inamtoa. Kama sura yake imo na bado hataki, picha inafutwa mbele yake, na namba ya picha hiyo inaandikwa ili irudiwe. Waandaaji wanaotarajia hili hupanga muda wa kurudia kila picha yenye sura za watu angalau mara moja, na wasiopanga muda huo hawajajiandaa kupiga filamu sokoni.